Kampuni Isiyo na Mwenye Hisa

Kampuni ya dhamana ni kampuni kamili mbele ya sheria. Ina jina lake, inaweza kumiliki nyumba, kuajiri watu, kushitaki na kushitakiwa, na madeni yake si madeni ya walioianzisha. Kinachoitofautisha na kampuni ya biashara ni kwamba haina hisa. Badala ya kununua hisa, kila mwanachama hutoa ahadi ya maandishi kwamba kampuni ikifilisika akiwa bado mwanachama, au kabla mwaka haujapita tangu alipojitoa, atachangia kiasi fulani cha fedha. Kiasi hicho hutajwa siku ya kusajiliwa, na nchini Uingereza mara nyingi ni pauni 1 au pauni 10.

Mfano ni kikundi cha watu tisa katika mji wa Uingereza wanaosajili kampuni ya kufundisha watoto baada ya saa za shule, kila mmoja akiahidi pauni 10. Kampuni ikianguka na kuacha madeni ya pauni 40,000 isiyoweza kuyalipa, mfilisi atawadai wanachama hao pauni 90 tu kwa jumla. Wadai hupoteza zilizobaki, na nyumba za wanachama haziguswi. Ndiyo maana asasi nyingi za hisani huchagua umbo hili zinapoanza kuajiri watu, kupanga majengo na kutia saini mikataba. Kikundi kisichosajiliwa kama kampuni hakina kinga hiyo, na aliyesaini mkataba wa pango huenda akajikuta analipa kutoka mfukoni mwake.

Sheria za Kenya na Uganda zinatambua kampuni za aina hii. Tanzania nayo ilikuwa na asasi nyingi zilizosajiliwa hivyo, mpaka mabadiliko ya sheria ya mwaka 2019 yalipozitaka zile zinazofanya kazi za asasi zisizo za kiserikali kuhamia kwenye usajili wa asasi hizo. Maelezo yanayofuata yanahusu England na Wales, ambako sheria ya kampuni na sheria ya hisani zimekutana kwa muda mrefu na kesi za kuzifafanua ni nyingi.

Wengi hudhani gawio halitolewi kwa sababu kampuni hairuhusiwi kupata faida. Sivyo. Kampuni ya hisani inaweza kumaliza mwaka ikiwa na ziada, na ni vizuri iwe nayo, maana asasi isiyo na akiba huyumba ruzuku moja inapochelewa. Kinachokatazwa ni ziada hiyo kwenda kwa wanachama. Wala katazo halitokani na kukosekana kwa hisa peke yake. Hisa ni kipimo cha mgao: mwenye hisa mia hupata mara kumi ya mwenye kumi. Pasipo hisa kipimo hicho hakipo, lakini wanachama wangeweza kuandika katika katiba yao kwamba ziada igawanywe sawa kwa sawa, na kampuni ya dhamana isiyo ya hisani inaweza kufanya hivyo. Kwa hiyo anayeona kampuni imesajiliwa kwa dhamana asiamini kwa hilo tu kwamba haigawi fedha. Inabidi asome katiba yake.

Katika kampuni ya hisani mlango umefungwa kwa kufuli mbili. Ya kwanza ni katiba ya kampuni, inayosema kwamba mapato na mali yote vitatumika kwa malengo yaliyotajwa tu na kwamba hakuna mwanachama atakayelipwa gawio. Kampuni ya hisani inaruhusiwa pia kuacha kuandika neno «Limited» mwishoni mwa jina lake, chini ya kifungu cha 60 cha Sheria ya Makampuni ya 2006. Ya pili ni sheria ya hisani yenyewe. Mchango unapotolewa kwa ajili ya elimu ya watoto, umetolewa kwa lengo hilo, na serikali imesamehe kodi kwa sababu hiyohiyo. Kuugawa kwa wanachama ni kuchukua fedha zilizotolewa kwa wengine. Hata wanachama wote wakikubaliana kubadilisha katiba ili wajinufaishe, mabadiliko hayo ni batili bila idhini ya awali ya Tume ya Asasi za Hisani. Idhini hiyohiyo inahitajika wakitaka kubadilisha malengo ya kampuni, au kifungu kinachosema mali iliyobaki itakwenda wapi kampuni ikivunjwa.

Kwa kuwa mlango wa mbele umefungwa, fedha zikitoka isivyo halali hupita dirishani. Tuseme mmoja wa wasimamizi wa ile kampuni ya kufundisha watoto ana jengo, naye analipangisha kwa kampuni kwa pauni 18,000 kwa mwaka, ilhali majengo kama hayo mtaani hupangishwa kwa pauni 12,000. Zile pauni 6,000 za ziada ni gawio lililovaa nguo za pango. Mambo ya namna hiyo hujitokeza pia katika ada za ushauri ambao hakuna aliyeuona, mishahara ya ndugu, na mikopo isiyo na riba wala tarehe ya kurudishwa. Anayetaka kuyatafuta aanzie kwenye taarifa ya hesabu za mwaka, katika maelezo ya miamala na watu wenye uhusiano na kampuni. Kisha alinganishe kiasi kilicholipwa na bei ya soko, na aulize kama kumbukumbu za kikao zinaonyesha kwamba mhusika alitoka chumbani wakati jambo lake likiamuliwa.

Si kwamba msimamizi hawezi kamwe kulipwa. Sheria ya Asasi za Hisani ya 2011 inaruhusu alipwe kwa huduma mahususi, kama vile kupaka rangi jengo au kutengeneza kompyuta, lakini kwa masharti. Pawe na mkataba wa maandishi unaotaja kiwango cha juu, kiwango hicho kiwe cha haki, wenzake wawe wameridhika kwamba malipo yana manufaa kwa asasi, na wanaonufaika kwa njia hiyo wawe wachache kuliko wasionufaika. Katiba ya kampuni nayo isiwe imekataza malipo hayo. Kazi yenyewe ya udhamini, yaani kuhudhuria vikao na kufanya maamuzi, haimo katika ruhusa hiyo, na kwa kawaida hufanywa bila malipo.

Wadhamini wa asasi ni wale wanaoshika uongozi wake wa jumla, kwa cheo chochote watakachoitwa. Katika kampuni ya dhamana, hao ndio wakurugenzi, na kwa hiyo mtu mmoja hubeba wajibu wa aina mbili kwa pamoja. Sheria ya kampuni humtaka mkurugenzi wa kawaida afanye lile litakaloifanikisha kampuni kwa faida ya wanachama wake. Kwa kampuni iliyoundwa kwa lengo jingine, sheria hiyohiyo hubadilisha kipimo: mafanikio ni kutimizwa kwa lengo. Mdhamini anayepiga kura kuhusu matumizi ya ziada hapaswi basi kujiuliza wanachama watapenda nini. Swali lake ni kipi kitawafaa zaidi watoto wanaofundishwa: kuajiri mwalimu mwingine, au kuweka akiba ya mishahara ya miezi kadhaa. Majibu yote mawili yanaweza kuwa sahihi, mradi yamefikiriwa kwa uangalifu na sababu zikaandikwa. Fedha zilizolala benki mwaka baada ya mwaka bila mpango nazo ni dalili kwamba wajibu huo haufanywi, hata kama hakuna aliyeiba senti.

Je, wanachama nao ni nani, kama si wenye mali? Swali hilo lilifika Mahakama ya Juu ya Uingereza katika kesi iliyoamuliwa tarehe 29 Julai 2020. Ilihusu Children's Investment Fund Foundation, asasi kubwa iliyoanzishwa na Chris Hohn na Jamie Cooper walipokuwa mume na mke. Ni kampuni ya dhamana, mali yake ilizidi dola bilioni 4, na wakati huo ilikuwa na wanachama watatu tu: waanzilishi hao wawili na Marko Lehtimäki. Ndoa ilipovunjika uongozi nao ukakwama, na yakafikiwa makubaliano kwamba Cooper ajiuzulu, na asasi itoe ruzuku ya dola milioni 360 kwa asasi nyingine ya hisani aliyoianzisha, Big Win Philanthropy.

Kwa kuwa ruzuku hiyo ilifungamana na kujiuzulu kwa mkurugenzi, sheria ya kampuni ilidai wanachama waiidhinishe kwa kura. Waanzilishi wote wawili walikuwa na maslahi katika jambo hilo, akabaki Lehtimäki peke yake. Mahakama ya kwanza iliona ruzuku ina manufaa kwa malengo ya asasi, ikamwamuru apige kura ya kuikubali. Mahakama ya Rufani iliiondoa amri hiyo. Mahakama ya Juu ikairudisha, ikasema kwamba mwanachama wa kampuni ya hisani ya aina hii naye ana wajibu wa uaminifu kwa malengo ya asasi, na hana uhuru wa kupiga kura apendavyo kama mwenye hisa katika kampuni ya biashara. Uamuzi huo unastahili kujulikana na kila anayeomba uanachama wa asasi kwa kudhani kwamba ni heshima isiyo na mzigo.

Kinga ya ile ahadi ya pauni chache nayo ina mpaka. Inamlinda mwanachama kama mwanachama, haimlindi mdhamini aliyekosea. Akitumia fedha nje ya malengo anaweza kuamriwa azirudishe, na akiacha kampuni iendelee kukopa baada ya kujua, au baada ya muda ambao alipaswa kujua, kwamba hakuna matumaini ya kuepuka kufilisika, Sheria ya Ufilisi ya 1986 inampa mfilisi njia ya kumdai yeye binafsi, isipokuwa aonyeshe kwamba alichukua kila hatua aliyopaswa kuchukua kupunguza hasara ya wadai. Hata hivyo, kuanguka kwa asasi si ushahidi wa kosa. Kids Company, asasi ya London iliyohudumia watoto na vijana, ilifungwa ghafla Agosti 2015, siku chache baada ya kupokea ruzuku ya serikali ya pauni milioni 3. Msimamizi rasmi wa ufilisi aliomba viongozi wake wapigwe marufuku kuwa wakurugenzi. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ilikataa, baada ya kupima maamuzi yao kwa yale waliyoyajua wakati ule.

Kampuni ikivunjwa, mfilisi hulipa madeni kwanza. Kinachosalia, iwe ni fedha, samani au jengo, huhamishiwa asasi nyingine yenye malengo yanayofanana, kama katiba ilivyoelekeza. Wale wanachama tisa hawapati chochote, hata aliyehudumu miaka ishirini.