Kabla hujapanga asilimia ya kamisheni, piga hesabu ya gunia la maharage

Wauzaji wenzangu, tangu mwaka huu uanze nimekuwa nikipanga na wenzangu soko moja la mtandaoni la Karagwe na Kyerwa. Mtu wa Kayanga, Omurushaka, Nkwenda au Murongo aweke bidhaa yake, na mteja aagize kwa simu. Kilichotuchukua muda mrefu ni maswali mawili: nani aruhusiwe kuuza, na soko lichukue kiasi gani.

Tuanze na hela. Wengi ukiwauliza watakwambia, "Weka asilimia kumi kwa wote, mambo yawe rahisi." Sasa chukua mfano huu. Gunia la maharage la kilo 100 unaliuza 200,000. Ukitoa bei ya kununulia, gunia lenyewe, kupakia na kushusha, tuseme unabaki na 12,000. Asilimia kumi ya bei ni 20,000. Hapo umeuza kwa hasara ya 8,000.

Njoo kwa fundi wa magauni ya vitenge. Gauni anauza 30,000, faida yake 10,000. Asilimia kumi ni 3,000, anabaki na 7,000. Yeye atalalamika kidogo lakini atauza. Kwa hiyo soko la asilimia moja kwa wote litabaki na magauni, na maharage yatakimbia.

Sisi tukaanza na faida. Tulisema kamisheni isizidi robo ya faida ya kawaida ya bidhaa ile. Kwa maharage robo ni 3,000, sawa na asilimia 1.5 ya bei. Kwa gauni ni 2,500, tukaweka asilimia 8, yaani 2,400. Kamisheni inakatwa kwenye bei ya bidhaa tu, nauli ya bodaboda haiguswi. Oda ikighairiwa, hakuna makato.

Je, hela inakusanywaje? Wazo la kwanza kwa kila mtu ni soko lipokee malipo, likae nayo mpaka mzigo ufike, ndipo limlipe muuzaji. Angalia hapo. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015 inataka anayeendesha mfumo wa malipo awe na leseni ya Benki Kuu. Kwa soko dogo linaloanza, njia nyepesi ni mteja amlipe muuzaji mzigo ukifika, na muuzaji awe na salio la kamisheni alilolipia kabla, kama vocha. Fundi wetu akiweka 10,000, anauza magauni manne, yanakatwa 9,600, anabaki na 400. Salio lisipotosha kamisheni ya oda inayofuata, bidhaa zake zinajificha mpaka aongeze. Ili mteja asikatae mzigo ambao tayari umesafiri, nauli anailipa mwanzoni.

Sasa usajili. Tunataka namba ya NIDA, na jina la namba ya simu ya kupokelea hela lifanane na jina la kitambulisho. Tunataka mahali anapopatikana, fremu au nyumbani, na muuzaji mmoja wa jirani anayemfahamu. Picha apige mwenyewe, siyo za kuchukua mtandaoni. Nafaka ziandikwe kwa kilo, maana debe la huyu siyo debe la yule, na lumbesa haipiti. Oda zake tatu za kwanza mtu wetu anazikagua kabla hazijaondoka. Kahawa mbichi hatupokei kabisa. Ina njia yake ya AMCOS na mnada, na soko letu lisije likawa mlango wa butura.

Limebaki tatizo moja ambalo kanuni haziwezi kulimaliza: muuzaji na mteja kumalizana pembeni. Utalijua hivi. Oda za muuzaji fulani zinaghairiwa mara tu baada ya kupigiana simu, lakini idadi ya bidhaa zake inapungua. Kumfungia haraka hakusaidii, atahamia kwa namba yake binafsi. Tumepanga mambo mawili. Mteja anayerudi kwa muuzaji yuleyule, kamisheni inashuka nusu. Na ugomvi wa mzigo mbovu tunausuluhisha kwa oda zilizopita sokoni tu, mteja akilalamika ndani ya saa 24.

Kumbuka, Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, nayo ilikuwa kampuni kubwa yenye mtaji. Kwa hiyo sisi tunaanza na wauzaji 20 na bidhaa za aina mbili. Ukialikwa kwenye soko lolote la namna hii, usiulize kwanza asilimia ngapi. Andika faida yako kwa bidhaa moja, toa makato, uone kinachobaki. Kikiwa chini ya robo tatu ya faida, omba kundi lako lipangwe upya kabla hujaweka picha hata moja.