Kuteremsha na Kuteremshia

Katika darsa baada ya Magharibi hapa Nguvumali, kijana mmoja aliuliza: mbona Aya ya 3 ya Suratu Aal-Imran katika tafsiri yake yasema “kuteremsha” mara mbili, ilhali Kiarabu kina nazzala kwa Qur'ani na anzala kwa Taurati na Injili?

Yote mawili yatokana na nazala, kuteremka. Kiarabu hupata maana ya kusababisha ama kwa kutia shadda herufi ya kati, ama kwa kutanguliza hamza. Kiswahili kina mlango mmoja: teremka, teremsha. (Kiebrania nacho: yarad, ameshuka, horid, ameshusha.) Wafasiri wengi husema nazzala ni kuteremsha kidogo kidogo, na anzala ni kwa mkupuo. Anayetaka tofauti hiyo hana budi kuongeza maneno. Lakini asiyaongeze kila mahali, kwani katika Al-Furqan, Aya ya 32, nazzala imefuatana na “kwa mara moja”, na Suratul Qadr yatumia anzala kwa Qur'ani yenyewe.

Kiswahili chatamba kwenye 'alayka. Mtu akiandika “ameteremsha juu yako”, msikilizaji hudhani ni mzigo. Kauli ya kutendea huimeza harufu jarri hiyo: amekuteremshia. Hata hivyo ilayka nayo, kama katika Al-Baqara, Aya ya 4, humezwa vivyo hivyo. Msomaji wa tafsiri hatajua ni ipi hadi afungue msahafu.