Kuchuja Hakuyafanyi Mafuta Yaliyochoka Kuwa Mapya

Wakazi wanaokaanga vibanzi au samaki wanaweza kutumia mafuta yale yale tena, lakini kwa kiasi. Kila baada ya kukaanga, mafuta yaachwe yapoe, yachujwe kwa kitambaa safi na kikavu, kisha yafunikwe na kuwekwa mbali na jua. Kuchuja huondoa makombo ambayo yangeungua, ila hakuondoi madhara ya moto, hewa na maji ya chakula.

Nyumbani, mafuta ya vibanzi vitupu kwa kawaida hutumika mara sita hadi nane. Ya samaki waliopakwa unga hutumika mara tatu au nne tu, kwa kuwa unga hudondoka na kuungua. Kibandani, ambako karai hukaa motoni kutwa, mafuta huchoka mapema zaidi.

Zaidi ya hesabu, tazama dalili. Mafuta yamekwisha yakifuka moshi kwa moto uleule wa kawaida, povu likibaki baada ya chakula kuopolewa, yakiwa mazito yenye kunata, au yakinuka vibaya. Kuyaongezea mapya hakusaidii, kwani hayo mapya nayo huharibika upesi.

Yakishapoa, yatiwe kwenye chupa yenye kifuniko na kutupwa pamoja na taka. Yakimwagwa mtaroni, huziba njia ya maji.