Sekunde tatu kati ya sikio na mdomo

Wandugu, wengi wenu mnaomaliza masomo ya lugha mnaniuliza swali moja: mkalimani wa kabini anawezaje kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja? Jibu fupi ni kwamba hasemi kile anachosikia sasa. Anasema kile alichosikia sekunde mbili, tatu, wakati mwingine nne zilizopita, na huku sikio lake liko tayari mbele. Ule mwanya kati ya sikio na mdomo njo kazi yenyewe. Leo nitaongea juu yake tu, tena kwa njia ninayoijua vizuri: kutoka Kifaransa kuingia Kiswahili, ku mikutano na ma-atelie ya huku kwetu Kivu.

Kwanza, juu ya nini tunangoja? Kwa nini tusiruke neno kwa neno nyuma ya msemaji? Sababu Kifaransa na Kiswahili havipangi maneno kwa utaratibu mmoja. Mfaransa anataja hesabu kwanza, wakati mwingine na sifa, halafu njo anataja kitu. Kiswahili kinataka kitu kwanza. Ukisikia hesabu ya 78 peke yake, bado huna cha kusema: ni watu sabini na wanane, mashamba sabini na manane, ao vituo sabini na vinane? Kweli, kwa Kiswahili chetu cha mtaani mtu anaweza kusema tu "mashamba sabini na nane" na hakuna atakayelalamika. Lakini hata mtaani hutaanza na hesabu kabla ya kusema ni hesabu ya nini. Lazima umpe msemaji nafasi ya kufika ku jina la kitu, na wewe unabeba ile hesabu kichwani kama mtu aliyeshika yai.

Na hizo hesabu za Kifaransa ziko na mtego wao. Sisi Wakongomani, kama Wabelgiji, tunasema "septanti" kwa 70 na "nonanti" kwa 90. Lakini mgeni kutoka Paris ao Dakar anasema "swasantidisi", ni kusema sitini-kumi, na "katrevendisi", ni kusema nne-ishirini-kumi. Mkalimani anayebana karibu sana na msemaji anasikia "swasanti", anatoa "sitini" mdomoni, na hapo hapo "disuiti" inafika. Sasa amekwisha kusema sitini wakati hesabu ni sabini na nane. Atasahihisha, na wakati anasahihisha, sentensi inayofuata inapita bila mtu wa kuipokea.

Basi mwanya mfupi sana unakuharibia kazi. Lakini mwanya mrefu pia. Daniel Gile, mkalimani na mtafiti Mfaransa, anaeleza kazi yetu kama juhudi zinazogombania nguvu moja ya akili: kusikiliza, kuweka kumbukumbu, kutoa maneno, na juu ya hizo, kuzipatanisha zote. Anasema tunatumika karibu na mwisho wa uwezo wetu, kama mtu anayetembea juu ya kamba. Kitu kimoja alichokionyesha kinafaa kila anayeanza akijue: kosa mara nyingi halitokei pale penye ugumu, linatokea mbele kidogo. Unapambana na hesabu ngumu, unaishinda, halafu unaanguka ku sentensi nyepesi inayofuata, juu nguvu zote zilibaki nyuma. Ukisikiliza sauti yako iliyorekodiwa na ukakuta shimo mahali pepesi, usitafute sababu pale pale. Rudi nyuma sekunde tano ao kumi.

Sasa tuje ku msemaji anayeongeza mwendo. Tupige hesabu ndogo. Mtu anayeongea polepole bila kusoma anaweza kutoa maneno kama 120 kwa dakika, ni kusema mawili kwa sekunde. Ukiwa nyuma yake sekunde tatu, umebeba maneno sita. Yule yule akitoa karatasi na kuanza kusoma, anaweza kufika 180, matatu kwa sekunde. Mwanya wako ni ule ule, lakini mzigo umekuwa maneno tisa. Tena lugha ya karatasi haina "kwa hiyo, eee, namna gani niseme" ambazo zinakupumzisha. Na Kiswahili, kwa uzoefu wangu, kinachukua silabi nyingi kuliko Kifaransa kwa wazo moja. Kwa hiyo kumkimbilia msemaji ni mashindano ambayo umeshapoteza mbele ya kuanza.

Wakati wa kesi ya Nuremberg mwaka 1945, ambapo ukalimani wa papo kwa papo ulitumika kwa lugha nne, tatizo hili walilijua. Waliweka taa: ya manjano ikimulika, msemaji apunguze mwendo, nyekundu, asimame kabisa. Mwendo waliouomba ulikuwa kama maneno 60 kwa dakika. Sisi hatuna taa. Tuko na mwenzetu wa kabini anayeweza kutoka taratibu na kupeleka kikaratasi kwa moderateri. Msemaji ataomba radhi, atapunguza mwendo dakika mbili, kisha atarudia tabia yake. Msimkasirikie, amepewa dakika kumi na tano kwa kurasa tisa.

Niwape mfano mmoja wa namna tunavyopita hapo. Ilikuwa atelie juu ya malipo kwa wenye mashamba yaliyopitiwa na barabara. Ndani ya sale kulikuwa wamama na wazee wa vijiji wenye kasiki masikioni. Eksperi mmoja, mgeni, alikuwa amebakiza dakika chache mbele ya pozi, akaanza kusoma mbio. Sentensi yake, nikifuata utaratibu wa Kifaransa chake, ilikuja hivi: katika mfumo wa awamu hii ya pili ya utekelezaji — sabini na nane — mapya — mashamba — yaliyoandikwa nyuma ya hesabu ya kwanza — kwa sharti kwamba mipaka yao iwe imehakikishwa pamoja na chefu wa lokalite kabla ya tarehe 15 Machi — yatalipwa kwa bei ile ile kama yale ya kwanza.

Angalieni kitenzi kikuu, "yatalipwa", kinafika wapi. Ku mwisho kabisa. Mkalimani anayengoja kitenzi atabeba sentensi nzima kichwani na itamwangukia. Anayebahatisha kitenzi mapema, akasema "mashamba sabini na manane yatalipwa", amewapa wale wamama ahadi ambayo msemaji hajaitoa, na sharti likifika, nusu ya sale imeshaanza kupiga makofi na hailisikii. Mwenye shamba atarudi kijijini akijua amekwisha kupita, na tarehe 15 itapita pia.

Mwenzangu aliandika "78" ku karatasi mara tu aliposikia, akaisogeza mbele ya macho yangu. Hiyo njo kazi ya mwenzako wakati hana mikro: hesabu, majina, tarehe. Mimi niliacha "katika mfumo wa awamu ya utekelezaji" yote, nikasema "awamu ya pili" tu, maneno matatu. Halafu nikangoja mpaka "mashamba". Kisha nikakata ile sentensi ndefu vipande: "Kuna mashamba mapya sabini na manane. Yaliandikwa nyuma ya hesabu ya kwanza. Kuna sharti moja. Mipaka ihakikishwe pamoja na chefu wa lokalite kabla ya tarehe 15 Machi. Hapo yatalipwa, kwa bei ile ile ya yale ya kwanza."

Neno "kuna" ndilo lililoniokoa. Linakuruhusu kutua mzigo, hesabu na kitu, bila kujua kitenzi kitakuwa gani. "Kuna sharti moja" pia: ni maneno matatu, yanaeleweka, na yanakupa sekunde moja ya kusikiliza sharti lenyewe. Kwa hiyo mwanya haukai sawa. Uliongezeka mpaka karibu sekunde nne nikingoja "mashamba", kisha ukapungua kila nilipofunga kipande kimoja. Unavutika na kurudi, kama kamba ya mpira. Ku orodha ya majina ao hesabu unasogea karibu, sababu hakuna maana ya kungojea na kichwa hakishiki vitu vitupu kwa muda mrefu. Ku maelezo unaacha nafasi.

Msemaji akiongeza mwendo, kuna vitu unaweza kuacha na vingine hapana. Salamu za itifaki, maneno pacha ambayo Kifaransa kinapenda ("kuimarisha na kuongeza nguvu"), "kama nilivyosema hapo juu": acha bila wasiwasi. Lakini kukanusha, hesabu, tarehe, sharti, na nani anafanya nini, hivyo havitupwi. Na ukipoteza hesabu, usibahatishe. Sema "mashamba mapya kadhaa", mwangalie mwenzako, na akiwa nayo irudishe ku sentensi inayofuata. Kuna pia njia ya kwetu: kuacha hesabu kwa Kifaransa, juu watu wengi wa Goma ao Bukavu wanahesabia feza kwa Kifaransa hata wakiongea Kiswahili. Inaokoa nusu sekunde. Mimi ninaitumia kwa wanafunzi na wachuuzi wa mjini, lakini kwa mzee aliyeshuka kutoka kijijini siitumii.

Juu ya utulivu, hauanzi kichwani, unaanza ku pumzi. Msemaji akikimbia, sauti ya mkalimani inapanda, anapumua katikati ya maneno, na wanaosikiliza wanahisi hofu yake kabla ya kukosa maana. Mtaona kasiki zinaanza kuvuliwa. Kitu ninachofanya: sentensi niliyo nayo mdomoni ninaimaliza, hata kama ni kwa kuifupisha, sauti ikishuka ku nukta. Hapo ninatoa pumzi yote. Sentensi inayofuata ninaianza chini kidogo kuliko ile ya nyuma, na ninaifanya fupi. Tena ninaacha sikio moja nusu wazi nijisikie mwenyewe, na ninapunguza sauti ya kasiki. Ikiwa juu, utapiga kelele bila kujua.

Mkitaka kujipima nyumbani, chukueni simu mbili. Ya kwanza icheze habari za Radio Okapi kwa Kifaransa kwa sauti ya kusikika, ya pili irekodi redio pamoja na sauti yako ukikalimani. Fanya dakika tano tu. Kisha sikiliza na saa mkononi. Kama unaanza sentensi nyingi na kuziacha, na maneno yako yanafuata utaratibu wa Kifaransa, unabana karibu sana. Kama sentensi zako ni nzuri lakini kati yao kuna kimya, na orodha zinakosa kitu cha katikati, uko mbali sana. Ukizoea, ongeza mwendo wa rekodi mpaka 1,25, lakini usizidishe dakika ishirini. Hata ku kabini, kati ya dakika ishirini na thelathini mikro inapita kwa mwenzako, na unaipitisha ku mwisho wa wazo, si katikati ya hesabu.