Jua Litakapovimba, Dunia Itamezwa?

Miamba inayochimbwa dhahabu Geita ina umri wa takriban miaka bilioni 2.7. Ilipoumbika, jua lilikuwa hafifu: mwanga wake ulikuwa kama asilimia 80 tu ya huu unaopiga mashamba ya pamba Shinyanga leo. Sababu iko kwenye kiini cha jua, ambako haidrojeni huungana na kuwa heliamu. Kadiri heliamu inavyojilimbikiza, kiini hujikaza na kupata joto zaidi, na jua huzidi kung'aa.

Ongezeko hilo ni kama asilimia 10 kwa kila miaka bilioni moja. Linaonekana dogo, lakini katika miaka bilioni moja hivi ijayo litatosha kukausha bahari, na Ziwa Victoria halitasalia. Kwa hiyo uhai utakuwa umetoweka zamani kabla jua halijavimba.

Kuvimba kutakuja baada ya haidrojeni ya kiini kwisha, miaka kama bilioni 5 kutoka sasa. Kiini kitasinyaa, haidrojeni inayokizunguka itawaka kwa nguvu, na sehemu za nje za jua zitafutuka, zikipoa na kuwa nyekundu. Sayari za Utaridi na Zuhura zitamezwa. Na dunia je?

Hapo pana mambo mawili yanayovutana. La kwanza linaiokoa. Jua lililovimba hupeperusha gesi yake angani, na hesabu za Klaus-Peter Schröder na Robert Smith za mwaka 2008 zinaonyesha litapoteza karibu theluthi ya uzito wake. Mvuto wake ukilegea, dunia itasogea mbali. Leo tuko kilomita milioni 150 kutoka kwenye jua. Tungefika milioni 225. Jua lenyewe, likishapanuka mara 256, lingefikia kilomita milioni 178 kutoka katikati yake. Kwa hesabu hiyo peke yake, dunia ingesalimika.

La pili linairudisha. Kama mwezi unavyoinua maji ya bahari, mvuto wa dunia utainua nundu kwenye gesi ya jua. Jua lililovimba hujizungusha polepole mno, kwa hiyo nundu itabaki nyuma ya dunia na kuivuta kinyume cha mwendo wake. Dunia itazama ndani kidogo kidogo. Wataalamu hao walipata kwamba itamezwa miaka bilioni 7.6 ijayo, muda mfupi kabla jua halijafikia ukubwa wake wa mwisho.

Jibu hilo linategemea sana kasi ya jua kupoteza gesi, jambo tunalolikadiria kwa kuangalia nyota nyingine zilizokwisha kuvimba. Kasi ikiwa kubwa zaidi, huenda dunia ikaponea chupuchupu. Hata hivyo miamba haitapona. Dhahabu huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,064, na uso wa dunia utapita kiwango hicho. Dunia ikimezwa, dhahabu iliyobaki ardhini Geita itageuka mvuke ndani ya jua, na sehemu yake itatawanywa angani pamoja na gesi ambayo jua litaendelea kuimwaga.