Kipaumbele Hakiongezi Kasi

Swali ni lile lile, liwe limetoka kwa mwenye saiba mjini Kitale au kwa mwanafunzi wa kompyuta Bungoma: programu ikijikokota, si niipandishe tu hadi Realtime kwenye Task Manager? La, na ushauri huu unaosambazwa kama dawa umeharibu kazi za kutosha. Kipaumbele huamua nani atangulie kwenye prosesa. Hakiiongezei prosesa nguvu hata chembe. Kazi inayotangulizwa hula muda wa nyingine, na mara nyingi hiyo nyingine ndiyo anayoisubiri mteja aliyeketi mbele ya skrini.

Tuzifuate kazi tatu kwenye prosesa moja. A inageuza video: inahitaji sekunde 8 na imefika sekunde ya 0. B inafungua fomu ya HELB: inahitaji sekunde 2, imefika sekunde ya 1. C inatayarisha cheti cha PIN ya KRA kichapishwe: inahitaji sekunde 3, imefika sekunde ya 2. Katika mtindo wa zamu, kila kazi inapewa sekunde 2 kisha inarudi nyuma ya foleni. Kompyuta halisi hugawa zamu za milisekunde tu, hivyo muda wa kungoja hutofautiana, lakini kanuni haibadiliki.

```
Wa kwanza kufika: A 0-8 | B 8-10 | C 10-13
Zamu:             A 0-2 | B 2-4 | C 4-6 | A 6-8 | C 8-9 | A 9-13
Kipaumbele, A juu:   A 0-8 | B 8-10 | C 10-13
Kipaumbele, A chini: A 0-1 | B 1-3 | C 3-6 | A 6-13
```

Tazama mwisho wa kila mstari: 13. Hakuna mpangilio uliopunguza kazi hata kwa sekunde moja. Kinachobadilika ni kungoja, yaani muda wa kumaliza, toa muda wa kufika, toa muda wa kazi yenyewe. Kwa wa kwanza kufika, A haingoji, B inangoja 7 na C inangoja 8, wastani wa sekunde 5. Kwa zamu zinangoja 5, 1 na 4, wastani wa 3.3. Sasa linganisha mstari wa kwanza na wa tatu: ni kitu kimoja. Aliyeipandisha A ameitupa zamu aliyopewa bure na kuirudisha kompyuta kwenye foleni ya aliyetangulia kufika. Mstari wa nne unafanya kinyume, unaishusha kazi nzito huku B ikiwa juu ya C, na wastani unaanguka hadi sekunde 2. A yenyewe inamaliza sekunde ya 13, pale pale ilipomalizia kwa zamu. Haijapoteza chochote.

Wapo wanaosema wamejaribu na video ikaisha upesi. Ni kweli, imetoka sekunde ya 13 hadi ya 8, lakini fomu imesukumwa kutoka ya 4 hadi ya 10. Wengine hujitetea kwamba kompyuta za leo zina viini vingi. Viini vingi hufupisha foleni, na pasipo foleni hakuna wa kutangulizwa, kwa hiyo dawa inakosa hata ugonjwa wa kutibu. Hatari iko kwenye Realtime. Windows ina ngazi 32, kuanzia 0 hadi 31. Programu ya kawaida husimama kwenye 8, ya Realtime kwenye 24. Kazi iliyosahaulika kwenye foleni kwa sekunde kadhaa huinuliwa na Windows kwa muda ili isife njaa, lakini huinuliwa hadi 15 tu. Ikiwa viini vyote vimeshikwa na kazi za 24, msaada huo hauifikii, na ndipo hata kipanya huganda.

Kabla ya kugusa lolote, fungua Task Manager usome safu za CPU, Memory na Disk. CPU ikiwa chini huku Disk ikigota asilimia 100, prosesa haina foleni: programu inasubiri diski, pengine kwa sababu RAM imejaa, basi funga vichupo au ongeza RAM. CPU ikiwa imejaa, nenda Details, bofya kulia kazi nzito, Set priority, Below normal. Ukiifunga programu utalazimika kurudia. Kwenye Linux, ianzishe kwa `nice -n 10`. Na mwanafunzi anayechora chati ya zamu: sekunde ya 2, C inafika wakati ule ule A inarudi kwenye foleni. Nimemtanguliza mgeni. Ukiitanguliza A, C itamaliza sekunde ya 11 badala ya 9, kwa hiyo iandike kanuni yako juu ya chati kabla hujachora.