Je, Wajua? Mkono wa Kulia Ulipopanda Shingoni mwa Gitaa

Je, wajua kwamba Eddie Van Halen, katika “Eruption” ya mwaka 1978, kipande kisichotimia hata dakika 2, aliuhamisha mkono wa kulia kutoka mahali pake pa desturi, akaupandisha shingoni mwa gitaa ushirikiane na wa kushoto? Katika uzi wa pili, kidole cha kulia hugonga pingili ya 9, kisha huukwanyua uzi kikiondoka, ikalia sauti ya pingili ya 2 iliyokwisha kubanwa na kidole cha kushoto, halafu kidole kingine cha kushoto kikagonga ya 5. Kikuza sauti kilichokazwa hadi kukwaruza ndicho kizilinganishacho sauti hizo dhaifu. Lakini hicho hicho humfedhehesha mzembe, kwani nyuzi zisizozuiwa nazo huvuma.

Miaka ya 80 wengi waliomfuata walishindana kwa kasi, hata baadhi ya wasikilizaji wakakinai. Na mwaka 1991 Kurt Cobain wa Nirvana, katika “Smells Like Teen Spirit”, pale palipotazamiwa madaha ya vidole, alipiga takriban lahani ile ile aliyokwisha kuiimba: jibu kali, kwa rai yangu, kuliko tusi lolote.